Arosto sio uoga: kutoka sahani ya maabara 1975 hadi ukame wa unga Pwani

Mtaani kuna sentensi ambayo kila mtu ashaisikia, uwe Likoni, Kisauni ama Changamwe: "Mfungieni chumbani siku saba, atatoka mzima." Husemwa na wazee, husemwa na mabarobaro, na kusema kweli husemwa kwa uchungu, kwa sababu anayeongelewa ni mtoto wa mtu. Leo nataka tuiangalie hiyo sentensi kwa macho ya historia. Hapa Pwani, kati ya Desemba 2010 na Machi 2011, watu wengi walifungiwa bila mlango kufungwa. Unga uliadimika.

Kabla hatujafika huko, turudi nyuma kidogo. Mambo ya 2010 hayaeleweki mpaka ujue nini kiliendelea ndani ya seli.

Mlango, bawabu na mjumbe

Miaka ya 1950, Mmarekani mmoja kwa jina Earl Sutherland alikuwa anajiuliza swali ambalo lasikika rahisi. Adrenalini ikifika kwenye ini, sukari inatoka. Sawa. Lakini adrenalini yenyewe inabaki nje ya seli, haiingii. Sasa nani anapeleka ujumbe ndani? Mwaka 1957 yeye na mwenzake Rall wakampata mjumbe: molekuli ndogo ambayo leo twaiita saiklik AMP, kwa kifupi cAMP. Sutherland alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa kazi hiyo.

Ifikirie hivi. Nje ya seli kuna kitasa, ndicho kipokezi. Nyuma ya kitasa kuna bawabu anaitwa protini ya G. Ufunguo ukiingia kitasani, bawabu anaamka na kwenda kwenye kiwanda kinachotengeneza cAMP. Bawabu wako aina tofauti. Kuna anayeamrisha "ongeza" na kuna anayeamrisha "punguza". Pampu ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo, inamwamsha bawabu wa "ongeza": cAMP inapanda kwenye misuli ya njia za hewa, misuli inalegea, mtu anapumua.

Heroini inafanya kinyume. Ikifika ubongoni inageuka kuwa mofini, na mofini inaingia kwenye kitasa ambacho bawabu wake ni wa "punguza". cAMP inashuka. Na bawabu huyo ana kazi ya pili: anafunga milango ya kalsiamu kwenye ncha za mishipa ya fahamu. Hii ni muhimu, kwa sababu neva haiwezi kumwaga kemikali zake kwa neva inayofuata mpaka kalsiamu iingie. Kalsiamu isipoingia, neva inanyamaza. Maumivu yananyamaza, wasiwasi unanyamaza, na dozi ikiwa kubwa, hata sehemu ya ubongo inayoamrisha mapafu yapumue inanyamaza.

Sahani ya 1975

Mwaka 1975 watafiti watatu Marekani, Sharma, Klee na Nirenberg, walichukua seli za aina ya neva zinazokuzwa kwenye sahani wakazimwagia mofini. Mwanzo cAMP ilishuka, kama walivyotarajia. Lakini hawakuitoa mofini. Waliiacha siku kadhaa. Kumbe seli hazikukubali kukaa chini. Zilikipa kile kiwanda nguvu zaidi, mpaka cAMP ikarudi pale pale pa mwanzo, na mofini bado imo ndani ya sahani.

Halafu wakaiondoa mofini. cAMP haikubaki pale. Ilipanda juu kupita kawaida.

Tutumie namba za kuelezea tu, sio za maabara. Kawaida yako ni 100. Mofini inakushusha hadi 40. Seli inajenga nguvu ya ziada hadi inarudi 100 huku mofini ikiwepo. Sasa ondoa mofini ghafla: ile breki haipo, lakini nguvu ya ziada bado ipo. Unaruka hadi 200. Hapo kuna mambo mawili ambayo mtaa unayajua bila kupitia maabara. Kurudi 100 ukiwa na dawa mwilini ndiyo ile "siku hizi hainishiki kama zamani". Kuruka 200 dawa ikiisha ndiyo arosto.

Tuwe wakweli kuhusu mipaka ya jaribio hilo. Ile ilikuwa sahani, sio mtu, na kitasa kilichokuwa kwenye seli zile ni ndugu wa kile ambacho heroini inakitumia zaidi kwa binadamu. Lakini ushahidi wa watu ulikuja haraka. Kuna kituo kidogo ndani ya shina la ubongo ambacho jina lake la Kilatini lamaanisha "doa la buluu". Kazi yake ni kukuamsha na kukupa hofu kukiwa na hatari. Opioidi zinakinyamazisha. Zikikatika, kinapiga king'ora. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani, Gold, Redmond na Kleber, waliwapa wagonjwa wa arosto dawa ya presha inayoitwa klonidini, na dalili nyingi zikatulia. Klonidini sio opioidi. Inaingia kitasa kingine kabisa, ila bawabu wake ni yule yule wa "punguza". Maana yake tatizo lilikuwa kwenye breki iliyong'olewa. Mambo ya mtu kujidekeza hayakuwemo.

Unga ulipokauka

Sasa turudi nyumbani. Heroini iko Pwani tangu miaka ya 1980. Mwanzo ilikuwa ile ya kahawia ya kuvuta, na kuelekea mwaka 2000 ikaingia nyeupe, na sindano zikafuata. Kufikia Desemba 2010 kulikuwa na kizazi kizima chenye seli zilizojipanga upya kama zile za kwenye sahani. Ndipo mzigo ukapotea.

Mchukulie kijana mmoja wa mfano, wa Likoni. Amepata kete ya mwisho saa moja asubuhi. Mofini inaisha nguvu baada ya saa chache tu, kwa hivyo jioni hiyo anapiga miayo, machozi na makamasi yanatoka bila mafua. Usiku vinyweleo vinasimama, jasho na baridi pamoja, miguu haitulii kitandani. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele: kutapika, kuharisha, mifupa kama inavunjwa. Baada ya takriban wiki, mwili unatulia. Yote hayo ni ile 200 ikishuka polepole kurudi 100.

Watafiti waliohoji watumiaji kuhusu miezi ile walikuta picha hiyo kote mkoani. Watu walizidiwa na arosto, wakatafuta chochote cha kuituliza, na matibabu yalikuwa haba. Mtu mwenye sukari akikosa insulini alikuwa na pa kwenda. Mwenye arosto alikuwa na maskani tu. Methadoni ilikuwa dawa inayojulikana duniani kwa miongo mingi, lakini Kenya haikuwa na mpango wa umma wa kuitoa.

Na hapa ndipo ile sentensi ya "siku saba" inapokuwa hatari. Rudi kwa kijana wetu. Siku ya kumi ametulia, nguvu ya ziada kwenye seli inaendelea kubomoka, ustahimilivu umeshuka. Familia inashangilia. Lakini hamu haiishi na arosto, kwa sababu hamu imejengwa kwenye kumbukumbu na mazoea, na hilo cAMP peke yake haielezi. Mzigo ukirudi mtaani, anarudi maskani na kununua kipimo chake cha zamani. Kipimo kile kilikuwa cha mtu mwenye 100 iliyojengwa dhidi ya dawa. Mtu huyo hayupo tena. Milango ya kalsiamu inafungwa mingi kwa pamoja, pumzi zinapungua, midomo inabadilika rangi, mboni za macho zinakuwa kama ncha ya sindano. Hali ni ile ile kwa anayetoka jela na anayetoka kufungiwa chumbani. Siku ya hatari zaidi ni ile anaporudia mara ya kwanza akiwa "msafi".

Dawa kwa dawa?

Mpango wa methadoni ulianza Nairobi, hospitali ya Mathari, Desemba 2014. Mwaka 2015 ukafika Pwani, Malindi na hapa kwetu Kisauni. Maneno yakaanza: "Hawa wamebadilishiwa unga tu, dawa kwa dawa."

Ni kweli kwamba methadoni inaingia kitasa kile kile na kumwamsha bawabu yule yule. Tofauti iko kwenye saa. Heroini inapanda kwa kasi na kushuka ndani ya saa chache, kwa hivyo cAMP inabembea: chini, juu, chini, juu, kutwa mara tatu nne. Methadoni inapanda taratibu na nusu yake huwa bado iko mwilini baada ya takriban siku nzima. Kikombe kimoja mbele ya muuguzi, breki inakaa mahali pamoja. Hakuna kilele cha kulewa, hakuna king'ora. Mtu anaweza kuenda kazini.

Huo mwendo wa polepole una hatari yake. Dozi ya leo inajilundika juu ya mabaki ya jana, ndiyo maana kliniki huanza na kiasi kidogo na kupandisha taratibu. Wanaoona "hii hainitoshi" wiki ya kwanza wakaongeza unga ama vidonge vya bugizi au pombe, hao ndio huacha kupumua usingizini. Na mtu akikosa siku kadhaa, dozi hupunguzwa kabla ya kuendelea. Sio adhabu. Ustahimilivu umeshuka, kama wa kijana wetu. Fikiria basi mtu wa Likoni mwaka 2015 akitakiwa Kisauni kila siku: feri, matatu, daraja la Nyali, matatu tena. Nauli ikikosekana, seli hazisubiri.

Ipo pia naloksoni, dawa inayoing'oa opioidi kitasani na kurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Lakini yenyewe hudumu kama saa moja hivi, na methadoni hudumu zaidi ya siku. Aliyeamka anaweza kulala tena. Kwa hivyo akishaamka bado anapelekwa hospitali, hata akisema yuko sawa.

Msimamo wangu ni huu. Kumfungia mtu siku saba kunamaliza arosto, na kunamwacha na hamu ile ile akiwa hana ule ustahimilivu uliokuwa unamlinda. Kama nyumbani kwenu mwaenda njia hiyo, basi kliniki iwe ndani ya mpango kuanzia siku ya kwanza, sio baada ya mazishi. Na wewe uliyekuwa mtaani miezi ile ya 2010 na 2011, ulikuwa mdogo ama mkubwa, hebu tuambie kwenye komenti: mtaa wenu uliionaje ile?