Kutupa na Kudondosha: Historia Fupi ya Kinga ya Pakiti katika Linux

Wafasiri wa maandishi ya kompyuta hukutana mara kwa mara na neno moja la Kiingereza linalotumika kwa mambo mawili: pakiti inayotupwa kwa makusudi, na pakiti inayopotea kwa sababu mashine imeelemewa. Kiswahili kina maneno mawili kwa mambo hayo, nayo ni *kutupa* na *kudondosha*. Katika makala haya tutaonyesha, kwa kufuata historia ya chombo kimoja, kwa nini tofauti hiyo haifai kupuuzwa.

Historia hiyo yaanzia mwaka 1992 katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani. Steven McCanne na Van Jacobson walitaka kuchungua pakiti zinazopita katika mtandao bila ya kunakili kila moja kutoka kiini cha mfumo hadi kwenye programu ya mtumiaji. Waliunda kichujio kidogo kinachofanya kazi ndani ya kiini chenyewe, chenye rejista 2 za biti 32, kikakubali au kukataa pakiti papo hapo. Kichujio hicho kiliitwa BPF, na programu iliyokitumia zaidi ni `tcpdump`. Kazi yake ilikuwa kutazama tu. Pakiti iliyokataliwa na kichujio haikuzuiwa njiani. Ilikosa kuonyeshwa kwa mtazamaji, basi.

Mwaka 2014 Alexei Starovoitov na wenzake walikipanua chombo hicho ndani ya Linux. Rejista zikawa 10 za biti 64, na programu zikaweza kuhifadhi hesabu katika majedwali yanayosomwa pia kutoka nje ya kiini. (Twapendelea *jedwali* kuliko *ramani*, kwani kinachohifadhiwa ni ufunguo na thamani yake, wala si taswira ya mahali.) Ndiyo eBPF. Kabla programu haijaruhusiwa kufanya kazi, mkaguzi aliyemo ndani ya kiini huisoma yote na kuhakikisha kwamba itafika mwisho na kwamba haigusi kumbukumbu isiyo yake. Hatimaye, mwaka 2016, toleo la 4.8 la Linux liliingiza XDP, yaani mahali pa kuendeshea programu hizo ndani ya kiendeshi cha kadi ya mtandao.

Yafaa tueleze kwa nini mahali hapo ni muhimu. Waya wa gigabiti 10 kwa sekunde, ukijazwa pakiti fupi kabisa, hupitisha pakiti milioni 14.88 kila sekunde. Kila pakiti basi ina nanosekunde 67 tu. Katika njia ya kawaida, kiini huitengenezea kila pakiti kumbukumbu ya maelezo iitwayo `sk_buff`, kisha huipeleka kwenye sheria za ukuta-moto, kisha kwenye soketi, na mwisho kwenye programu. Gharama hiyo hulipwa hata kwa pakiti ambayo mwishowe itatupwa. XDP huamua kabla `sk_buff` haijatengenezwa.

Mwaka 2018 kampuni ya Cloudflare ilichapisha jaribio lililopima gharama hiyo kwa kiini kimoja cha prosesa. Pakiti zilipotupwa na programu ya mtumiaji, mashine iliweza kama 175,000 kwa sekunde. Zilipotupwa na ukuta-moto mapema iwezekanavyo, iliweza kama milioni 1.7. Zilipotupwa na XDP, iliweza milioni 10. Prosesa ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa kutupia.

Tuchukue sasa mfano mmoja. Tarehe 28 Februari 2018 tovuti ya GitHub ilishambuliwa kwa mafuriko yaliyofika terabiti 1.35 kwa sekunde, yaani pakiti milioni 126.9 kwa sekunde. Washambuliaji walituma maswali madogo kwa seva za `memcached` zilizoachwa wazi, wakighushi anwani ya mtumaji iwe ya GitHub. Seva hizo zikaijibu GitHub kwa majibu makubwa mno. Alama ya majibu hayo ni moja: yote ni ya UDP na yanatoka mlango namba 11211. Seva isiyotumia huduma hiyo kutoka nje haina sababu ya kuyapokea. Moyo wa programu ya XDP ya kuyatupa ni huu:

```c
if ((void *)(udp + 1) > data_end)
    return XDP_PASS;
if (udp->source == bpf_htons(11211))
    return XDP_DROP;
return XDP_PASS;
```

Sharti la kwanza huuliza kama pakiti inafika mwisho wa kichwa cha UDP. Likiachwa, mkaguzi huikataa programu nzima. Sharti la pili ndilo hukumu yenyewe.

Je, programu hii ingeiokoa seva moja yenye waya wa gigabiti 10? Pakiti za siku ile zilikuwa na wastani wa baiti 1,330 hivi, na waya kama huo hujaa kwa pakiti kama 900,000 tu kwa sekunde. Kwa XDP idadi hiyo ni ndogo, nayo ingeiachia prosesa nafasi ya kufanya kazi nyingine. Lakini waya umekwisha jaa, na pakiti za wateja halali hupotea katika ruta iliyo nyuma yake, kabla hazijaifikia kadi. Seva *hutupa*, ruta *hudondosha*, na mteja habaini tofauti. GitHub ilipona baada ya kuuelekeza msongamano kwa kampuni ya Akamai, iliyokuwa na waya mipana zaidi. XDP basi hulinda prosesa, hailindi waya.

Hatari ya pili ni ya ndani zaidi. Kiendeshi kisichojua XDP kinaweza kuachiwa kazi hiyo kwa njia ya jumla, ambayo huendesha programu baada ya `sk_buff` kutengenezwa. Programu hufanya kazi bila kosa lolote, ila faida kubwa ya mwendo imepotea. Dalili yaonekana kwa amri hii:

```
ip link show dev eth0
```

Likitokea neno `xdpgeneric` mahali pa `xdp`, msimamizi ajue kwamba kinga yake imesimama mlango wa pili. Akitumia `xdpdrv` wakati wa kupakia programu, kiendeshi kisichoweza kitakataa waziwazi.

Mwisho, pakiti iliyotupwa na XDP haionekani katika `tcpdump`, kwa kuwa hutupwa kabla ya kufika pale kitazamio hicho kilipo. Mjukuu amemfumba macho babu yake. Msimamizi anayetazama `tcpdump` peke yake ataona utulivu katikati ya mafuriko. Kwa hiyo programu njema huhesabu katika jedwali kila pakiti inayoitupa, pamoja na sababu yake.

Hapo ndipo istilahi inapobeba uzito. Ripoti ikisema kwamba pakiti milioni tatu "zilitupwa", ofisa anayeisoma ataelewa kwamba kinga ilifanya kazi, wala hataagiza chochote. Ikisema "zilidondoshwa", ataelewa kwamba foleni ilijaa na kwamba waya au mashine haitoshi. Mfasiri anayetumia neno moja kwa yote mawili humwachia ofisa huyo kubahatisha. Twapendekeza basi *kutupa* kwa hukumu ya programu, kama ile ya `XDP_DROP`, na *kudondosha* kwa hasara ya kuelemewa.