Warfarini na mboga za majani

Mwingiliano wa warfarini na mboga za majani hutokea pale vitamini K iliyomo katika majani ya kijani iliyokolea, kama mchicha, sukuma wiki na matembele, inapopunguza nguvu ya warfarini mwilini. Warfarini hutumiwa na watu waliowekewa valvu bandia za chuma moyoni, wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na waliowahi kupata mabonge ya damu miguuni au mapafuni. Wagonjwa wengi huiita dawa ya kuyeyusha damu, ingawa haiyeyushi bonge lililokwisha kuganda. Kazi yake ni kulinyima ini uwezo wa kutengeneza protini kamili za kugandisha damu, na uwezo huo hutegemea vitamini K. Kwa hiyo dawa na mboga hukutana katika hatua ileile ya kazi ya ini.

Historia

Vitu viwili vinavyohusika hapa vilitambuliwa karibu wakati mmoja, na vyote kutoka katika malisho ya mifugo. Mwaka 1929 Henrik Dam wa Copenhagen aliona vifaranga waliolishwa chakula kisicho na mafuta wakivuja damu chini ya ngozi, na mwaka 1935 akatangaza kwamba walikosa vitamini mpya. Mwaka 1939 kundi la Edward Doisy huko Marekani lilifanikiwa kuitenga vitamini hiyo kutoka katika majani ya lusini. Dam na Doisy walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943.

Upande wa pili, tangu miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakifa kwa kutokwa damu baada ya kula klova tamu iliyoota ukungu. Karl Paul Link wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alianza kuichunguza sumu hiyo mwaka 1933, na mwaka 1939 maabara yake ikaipata: dikumaroli. Warfarini, dada yake aliye na nguvu zaidi, iliingia sokoni mwaka 1948 ikiwa sumu ya panya. Mwaka 1951 mwanajeshi mmoja wa Marekani aliimeza kwa wingi akitaka kujiua, akatibiwa kwa vitamini K na akapona kabisa. Tukio hilo lilionyesha kwamba binadamu anaweza kuivumilia dawa hii, na kwamba kinachoizima kinajulikana. Iliruhusiwa kutibu watu mwaka 1954.

Namna mwingiliano unavyotokea

Ini hutengeneza protini nne za kugandisha damu zinazohitaji vitamini K, nazo ni namba II, VII, IX na X. Zikitoka katika hatua ya kwanza ya utengenezaji huwa na umbo lao, lakini haziwezi kufanya kazi. Lazima sehemu fulani za protini hizo ziongezewe kaboni dioksidi ili ziweze kushika kalisi na kujibandika mahali penye jeraha. Vitamini K ndiyo inayoendesha uongezaji huo, na kila inapofanya hivyo hugeuka kuwa epoksidi, hali iliyochoka isiyoweza kurudia kazi.

Mwili haupati vitamini K nyingi kiasi cha kuitumia mara moja na kuitupa. Kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi VKOR huirudisha epoksidi katika hali yake ya awali, nayo huzunguka tena na tena. Warfarini huziba njia hiyo. Vitamini iliyochoka hubaki imechoka, na ini huendelea kutoa protini ambazo hazijakamilika, zinazopita kwenye damu bila kugandisha chochote.

Mboga huingia hapa. Sahani ya mchicha huleta vitamini K mpya ambayo haijachoka. Zaidi ya hayo, ini lina kimeng'enya kingine kinachoweza kuiandaa vitamini hiyo kwa mzunguko wake wa kwanza, na hicho warfarini haikigusi. Dozi ya dawa ilipangwa kwa kiasi fulani cha vitamini kinachoingia kila siku. Kiasi hicho kikipanda, dozi ileile huwa ndogo. Kikishuka, dozi ileile huwa kubwa.

Mabadiliko hayo hayaonekani siku hiyohiyo. Protini namba VII hupungua kwa nusu ndani ya saa 6 hivi, lakini namba II huchukua siku mbili na nusu au zaidi. Ndiyo sababu mtu aliyekula mboga nyingi Jumamosi anaweza kupimwa Jumapili na kuonekana hana tatizo. Kipimo cha leo husimulia dozi na milo ya siku kadhaa zilizopita.

Vitamini K katika mboga

Vitamini K ya mimea ni sehemu ya mitambo inayonasa mwanga wa jua ndani ya majani, kwa hiyo hufuata rangi ya kijani. Majani mabichi ya mchicha yana takriban maikrogramu 1,100 katika kila gramu 100. Sukuma wiki iliyopikwa ina kama 400, na matembele mabichi kama 300. Kabichi, ambayo majani yake ya ndani hayapati jua, ina 76 hivi, na bamia huwa na 30 hadi 40. Maharage yaliyopikwa hayafiki 10. Ugali, wali na viazi karibu havina. Mtu mzima asiyetumia dawa hii hushauriwa kupata 90 hadi 120 kwa siku, kiasi ambacho vijiko vichache vya mchicha hukipita.

Lakini namba hizo si zile zinazofika kwenye ini. Vitamini imeshikwa ndani ya jani, na utumbo huchukua sehemu ndogo tu, mara nyingi chini ya moja ya tano. Mafuta huongeza kiasi kinachochukuliwa, kwa hiyo mchicha wa nazi na mchicha wa kuchemsha tupu si sawa kwa mgonjwa, hata kama fungu ni moja. Kuchemsha na kumwaga maji, njia ambayo wengi huiamini, hakusaidii sana: vitamini hii haiyeyuki katika maji wala haiharibiwi kirahisi na moto wa jikoni.

Mfano

Nguvu ya warfarini hupimwa kwa INR. Asiyetumia dawa huwa na 1 hivi. Wagonjwa wengi hutakiwa kukaa kati ya 2 na 3, na wenye valvu ya chuma upande wa mitrali kati ya 2.5 na 3.5.

Tuchukue mama wa miaka 48 anayeishi Morogoro, mwenye valvu ya aina hiyo baada ya ya kwake kuharibiwa na homa ya baridi yabisi. Anameza miligramu 5 kila siku, yaani 35 kwa wiki, na INR yake ni 2.9. Mlo wake ni ugali, dagaa na maharage, na kabichi mara mbili kwa wiki. Masika inafika, mchicha unajaa sokoni na bei inashuka, naye anaanza kuupika kila jioni. Akila gramu 60 tu, anameza zaidi ya maikrogramu 600 kwa siku, wakati awali hazikufika 100. Anapopimwa tena, INR ni 1.7.

Muuguzi anamuuliza kama amesahau vidonge. Hajasahau, na kuhusu chakula haulizwi. Dozi inapandishwa hadi miligramu 40 kwa wiki: kidonge kimoja na nusu kwa siku mbili, kimoja kwa siku zilizobaki. INR inarudi 2.7 na kila mtu anaridhika. Ifikapo Agosti mchicha umekuwa haba, na mama amerudi kwenye maharage, lakini dozi imebaki ile ya masika. Ufizi unaanza kutoka damu anapopiga mswaki, na kipimo kinasoma 4.8.

Katika hali zote mbili hakuna aliyekosea kidonge hata kimoja. Kilichokosekana ni swali moja la mwezi Aprili kuhusu sufuria. Kama lingeulizwa, zingekuwepo njia mbili salama: kupunguza mchicha urudi kiasi cha zamani, au kukubaliana kiasi atakachokula mwaka mzima, hata kwa kubadilisha aina ya mboga, kisha dozi ipangwe juu ya kiasi hicho na kupimwa tena baada ya wiki moja au mbili.

Hatari za pande zote mbili huwa na dalili. INR ikishuka, bonge linaweza kuota kwenye valvu: mgonjwa hupumua kwa shida, au mlio wa valvu aliouzoea kifuani hufifia, au hupooza upande mmoja ghafla. INR ikipanda, damu hutoka puani na kwenye ufizi, mkojo huwa mwekundu, choo huwa cheusi kama lami, na kuumwa kichwa kwa ghafla na kwa nguvu huweza kuwa damu inayovuja ubongoni. Hizi zote ni za kwenda hospitali mara moja. Kujitibu INR ya juu kwa kula mchicha mwingi ni hatari, kwa kuwa hakuna awezaye kujua ni kiasi gani utumbo utachukua. Hospitali husitisha dozi au hutoa vitamini K iliyopimwa.

Makatazo ya mboga

Ushauri wa kawaida, ambao hadi leo hutolewa katika kliniki nyingi, ni kumwambia mgonjwa aache mboga za kijani. Ushauri huu ni mwepesi kutamka na una madhara. Akiba ya vitamini K katika ini ni ndogo na hupungua ndani ya siku chache. Anayeishi karibu bila vitamini hiyo huyumbishwa na sahani moja ya sherehe, ilhali kwa anayekula mboga kila siku sahani hiyohiyo haibadilishi mengi. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, waligundua kwamba wagonjwa ambao INR yao haitulii walikuwa wakila vitamini K kidogo kuliko waliotulia. Katika jaribio walilochapisha mwaka 2007 waliwapa wagonjwa wa aina hiyo maikrogramu 150 za ziada kila siku, na INR za wengi zikatulia zaidi, baada ya dozi ya warfarini kuongezwa kidogo.

Vyakula vingine

Mafuta ya soya yana vitamini K kwa wingi kuliko ya alizeti au mawese. Chai ya kijani ikinywewa kwa kiasi cha kawaida ina kidogo.

Hali ya sasa

Dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama rivaroksabani na dabigatrani, haziguswi na mboga, lakini hazijaiondoa warfarini kwa wagonjwa wa valvu. Jaribio la dabigatrani kwa wenye valvu za chuma lilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013, baada ya kuonekana mabonge na uvujaji wa damu zaidi. Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wenye mapigo yasiyo na mpangilio kutokana na homa ya baridi yabisi, ulionyesha vifo vichache kwa waliotumia dawa za kundi la warfarini kuliko waliotumia rivaroksabani.