Kinacholala na Kisicholala: Miaka Kumi ya Saa Zetu Sokoni

Historia ya hisa, mikopo na sanduku lenye kufuli tatu imeelezwa kwingine katika kijitabu hiki. Hapa tunataka kuikumbuka historia nyingine, ambayo haimo kwenye mihtasari ya vikao lakini imetuokolea fedha nyingi kuliko riba. Ni historia ya namna tulivyojifunza kwenda sokoni kwa saa yake na siku yake.

Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa akina mama wa Buguruni na Ilala hapa Dar es Salaam. Wengi wetu tulikuwa na genge, wengine mama ntilie, wengine mama wa nyumbani tu. Kila mmoja alinunua kivyake, saa anayoipata. Ukimuuliza mtu soko huwa rahisi lini, anakujibu bila kufikiri, "Jioni, mama. Jioni wanatupa." Na sisi tuliamini hivyo.

Mama zetu walikuwa na jibu jingine. Wao walilelewa na Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa vita kuu ya kwanza, Carrier Corps, ambacho ndimi zetu zilikigeuza kuwa Kariakoo. Jengo la soko lililochorwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na chini yake kulikuwa na shimoni, mahali pa mali ya jumla. Mama zetu walisema, "Ukitaka bei, nenda shimoni kabla hakujapambazuka." Basi tukawa na mashauri mawili yanayopingana, alfajiri na jioni. Ilituchukua miaka na hasara moja kubwa kujua kwamba yote mawili ni kweli, ila kila moja lina bidhaa yake na mnunuzi wake.

Hasara yenyewe ilikuwa mwaka 2016. Tulikubaliana kutoa shilingi 180,000 kwenye mfuko tununue nyanya kwa pamoja, wenye magenge wagawane. Watu wawili walitumwa soko la Ilala Jumamosi jioni, kwa sababu jioni wanatupa. Walirudi wakishangilia, matenga manane, bei ambayo hatujawahi kuisikia. Usiku ule tuliyapanga uani kwa mwenzetu mmoja. Jumapili mchana maji mekundu yalikuwa yanatiririka hadi mlangoni. Nusu na zaidi zilikwenda jaani. Mwenzetu mmoja alisema waziwazi kwenye kikao kwamba fedha zake zimechezewa, akachukua hisa zake akaondoka. Hatukumlaumu. Na leo, kwa kuwa tunaandika historia, tunasema alikuwa na haki.

Baada ya hapo mweka hazina wetu alitoa shauri ambalo wengine walilicheka. Alisema tusinunue kitu kwa pamoja mpaka tumelijua soko, na soko halijulikani kwa kusimuliana. Alinunua daftari la shilingi 500 na mzani mdogo wa kuning'iniza. Kwa wiki nne, kila aliyekwenda sokoni aliandika mambo matano: siku, saa, bei, uzito, na kilo ngapi zilizofaa kuliwa baada ya kuchagua. Hilo la mwisho ndilo lililotufungua macho.

Tuchukue wiki moja ya daftari lile. Jumanne saa 11 alfajiri tenga la nyanya lilinunuliwa shilingi 30,000. Kuli na bajaji vilichukua 5,000, jumla 35,000. Tenga lilikuwa na kilo 40, zikatupwa tatu, zikabaki 37. Kila kilo nzuri ilisimama kama shilingi 946. Siku ileile saa 11 jioni tenga la ukubwa uleule lilinunuliwa 22,000, na usafiri 5,000, jumla 27,000. Lakini hizo zilikuwa zimeshinda juani, zimeshikwashikwa, za chini zimebonyea. Zilitupwa kilo 14, zikabaki 26. Kila kilo nzuri ilifika shilingi 1,038. Tenga la jioni lilikuwa rahisi mkononi na ghali jikoni. Ile iliyoonekana nafuu ya shilingi 8,000 ilikuwa imeoza kabla hatujaila.

Je, jioni ni uongo? Hapana. Daftari lilionyesha pia kwamba anayenunua fungu moja la kupika usiku huohuo hupata zaidi jioni kuliko wakati wowote. Mwenye meza hashushi bei ya fungu, maana sarafu ni ileile. Anachofanya ni kulikuza fungu. Lile la nyanya nne asubuhi linakuwa la sita au saba saa 11 jioni, na ukisimama kidogo anaongeza moja ya kukufukuza. Mchicha na matembele ndiyo zaidi. Saa 12 magharibi utapewa mafungu mawili kwa bei ya moja, kwa sababu mchicha haulali. Ukilala umenyauka, na asubuhi utakuja mwingine mbichi.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali letu ambalo sasa hata watoto wetu wanalijua: "Kinalala?" Kabla ya kwenda sokoni jiulize kama muuzaji anaweza kulala na bidhaa hiyo akaamka nayo salama. Kisicholala, kama mchicha, nyanya iliyoiva sana na ndizi mbivu, kitashuka jioni, nawe ununue cha kula leo tu. Kinacholala, kama vitunguu, viazi, maharage na nazi, hakina jioni. Muuzaji anafunika turubai anakwenda zake. Mmoja wetu alisubiri mpaka giza kwa ajili ya kilo mbili za maharage, akaambiwa bei ya asubuhi, akapanda daladala ya mwisho amebanwa kama dagaa. Maharage na mahindi bei yake hufuata mavuno, haifuati saa.

Alfajiri ni ya anayenunua tenga au gunia zima, maana wakati huo mzigo bado uko mkononi mwa dalali na haujagawanywa. Kila anayeugawa anaongeza chake. Tulijifunza pia kwamba bei ya alfajiri hutegemea idadi ya magari. Malori ya nyanya kutoka Iringa, Morogoro na Lushoto yakifika mengi usiku mmoja, dalali hana ubavu wa kung'ang'ania. Yakifika mawili, usimbembeleze, hatakusikia. Kwa hiyo mnunuzi wetu alifundishwa kuzunguka kwanza, ahesabu magari, aulize bei kwa madalali watatu, ndipo afungue pochi. Na haendi peke yake. Saa 10 usiku barabara ina vibaka, na bei nafuu haifidii mkoba ulioporwa.

Siku za wiki nazo zilijitokeza polepole. Kwa daftari letu, Ijumaa na Jumamosi zilikuwa ghali, kwa sababu watu wanatafuta pilau ya Ijumaa na wafanyakazi wananunua ya wiki nzima. Jumatatu asubuhi mama ntilie wote wanajaza upya. Jumanne na Jumatano wanunuzi walipungua, lakini magari hayakupungua. Hapo ndipo ulipopatikana mzigo uliolala, yaani ule ulioshindwa kuuzwa Jumatatu, ambao dalali anataka uondoke kabla haujaharibika. Mzigo uliolala ni mzuri ikiwa nyanya ni ngumu zenye rangi ya machungwa. Usiangalie za juu, zimepangwa. Ingiza mkono ubavuni, nusa chini ya tenga. Ukisikia uchachu, au ukiona chini pamelowa, mwache nao. Tarehe nazo zina nguvu kuliko siku. Jumanne ya mishahara, mwisho wa mwezi, ni sawa na Jumamosi.

Samaki walitupa somo la peke yake. Pale Feri samaki hunadiwa wakitoka chomboni, na mchana bei huteremka. Lakini usikimbilie. Wakaanga samaki nao wanaisubiri bei hiyohiyo, na samaki aliyekaa bila barafu anaweza kukuletea maradhi. Vibua na jodari waliochelewa kupata barafu huweza kuwasha mdomo na kuleta wekundu wa ngozi na kichwa kuuma, wala kupika hakuiondoi sumu hiyo. Nyumba moja ya wanachama wetu ilipatwa na hayo. Tangu hapo sheria yetu ni kwamba samaki ni asubuhi, matamvua mekundu, jicho lililojaa, au usinunue. Kwa dagaa tunaangalia mwezi badala ya saa. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikipamba taa hazina kazi. Wiki ya mwezi mpevu dagaa wabichi huadimika na bei hupanda. Mwenye akili hununua wiki ya giza, akakausha.

Tulidhani tumemaliza kujifunza. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua. Wafanyabiashara walitawanyika kwenye masoko mengine, na wanunuzi wakawafuata. Kwetu Jumanne ikaacha kuwa Jumanne. Mzigo uliolala haukuonekana tena kwa wiki kadhaa, na mnunuzi wetu alirudi mara mbili mikono mitupu akalaumiwa bure. Ndipo tulipoelewa kwamba saa za soko haziandikwi mara moja. Tulifungua daftari jipya, wiki nne tena, mzani uleule. Siku ya nafuu ikahamia Jumatano, kisha baada ya miezi ikarudi. Mpaka leo tunalipima upya kila mwaka, na pia linapofunguliwa au kufungwa soko jirani.

Fedha za mwaka 2016 zililipwa kidogokidogo kutokana na faida ya matenga ya Jumanne. Tulipotimiza deni tulimpelekea yule mwenzetu aliyeondoka sehemu yake ya hasara, ingawa hakuwa mwanachama tena. Alizihesabu, akatutazama, akauliza, "Mlinunua saa ngapi?" Tukamjibu, saa 11 alfajiri. Akacheka. Mwezi uliofuata alirudi kununua hisa, na sasa daftari analishika yeye.

Wanachama wapya, hatuwaachii jedwali la saa za kukariri, maana litachakaa. Tunawaachia daftari la wiki nne, mzani, na swali la kuuliza mlangoni kabla hamjashika kikapu: kinalala, au hakilali?