"Risto" si risiti: historia fupi ya ujumbe uliofika Mulongwe

Ndugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu mnaotusoma kutoka mbali, safari hii tunaandika juu ya ujumbe wa simu wa mistari minne. Ulifika Mulongwe usiku, kwenye simu ya kijana mvuvi aliyekuwa ameiacha nyumbani akaenda ziwani na taa kutafuta ndagala. Mtumaji alikuwa rafiki yake wa tangu kambi ya Nyarugusu, ambaye sasa anaishi Nairobi, upande wa Kayole, pamoja na mama yake. Familia imeturuhusu tuunakili ila majina tumeyaacha:

"Sasa buda. Kuna fom Saturdei ya maboi wa kempu, usikose. Fon ya mathe imededi so usimkol. Tuma ile soo tano yangu ju nimesota. Risto baadaye."

Mama wa mvuvi ndiye aliyeusoma, kwa shida, akisaidiwa na jirani. Walichoelewa ni hiki: kuna fomu za kambi Jumamosi, kwa vijana, mama wa rafiki amekufa, msimpigie, mtume mia tano, risiti itafuata. Walijaribu namba ya yule mama wa Nairobi, haikupatikana. Basi, kwao jambo likawa limethibitika. Mkeka ukatandikwa, majirani wakaja, na asubuhi na mapema wajumbe wawili walikuwa mlangoni kwetu wakiomba mambo mawili: mchango wa msiba kutoka mfuko wa kusaidiana, na mkopo wa dola 500 za fomu ya kupelekwa nchi ya tatu.

Tusicheke haraka. Mtu aliyekaa kambini miaka kumi hawezi kusikia "fom" na "kempu" katika sentensi moja akafikiria kitu kingine. Nyarugusu ilifunguliwa mwishoni mwa 1996, vita vilipotufukuza Uvira na Fizi tukavuka ziwa kwenda Kigoma. Tangu siku hiyo maisha yetu yalikuwa ya karatasi: karatasi ya mgao, karatasi ya kutoka, fomu ya usaili. Hata kurudi kulikuwa kwa fomu. Kuanzia 2005 meli zilipoanza kuleta watu kutoka Kigoma hadi Baraka, hakuna aliyepanda bila kujiandikisha. Na pesa hapa Uvira, mtu akitaja kiasi kikubwa bila kusema ni pesa gani, sikio linasikia dola.

Lakini ule ujumbe haukuandikwa kwa Kiswahili cha kambi. Uliandikwa kwa Sheng, na Sheng ina historia yake.

Ilikua katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, Kaloleni, Shauri Moyo, Mathare na kwingineko, ambako watu wa makabila mengi walibanana. Nyumbani mtoto alisikia lugha ya mama, barabarani Kiswahili, shuleni Kiingereza. Vijana wakachanganya vyote, na kuanzia miaka ya 1970 watu wakaanza kuizungumzia kama lugha yenye jina lake. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kuficha: mzazi asielewe, askari asielewe, kondakta wa basi lingine asielewe. Ndiyo maana maneno yake hubadilika upesi. Neno likishajulikana na wakubwa, limeshaharibika. Walioondoka Kongo wakafika Nairobi wakapanga Kayole au Githurai, watoto wao waliipata barabarani mwezi wa kwanza tu, hata kabla ya Kiingereza cha darasani.

Sasa turudi kwenye ujumbe, neno kwa neno, maana hapo ndipo mtu anajifunza.

"Buda" linaweza kuwa baba au mzee, lakini mwanzoni mwa salamu ni "rafiki yangu" tu. "Fom" limetoka Kiingereza, ni kweli, ila kwa vijana wa Nairobi maana yake ni mpango, hasa mpango wa kukutana au kujifurahisha. Wakiulizana "fom ni gani?" wanauliza leo tunafanya nini. Kwa hiyo "fom ya maboi wa kempu" ni mpango wa marafiki waliokulia kambini kukutana. Hakuna ofisi hapo.

"Mathe" ni mama. "Imededi" imetoka kwenye neno la Kiingereza la kufa, na hapa ndipo msiba ulipozaliwa. Tazameni herufi ya kwanza. Mtu angekuwa "amededi". "Imededi" ni kitu, na kitu chenyewe kimetajwa maneno matatu nyuma: fon. Simu ya mama imezimika, chaji imekwisha au imeharibika, ndiyo sababu asipigiwe. Jirani aliyesoma aliliruka neno "fon" kwa sababu alidhani ni jina la mtu. Hata hivyo tusiitegemee hiyo herufi peke yake. Nairobi, kama hapa kwetu, watu hawashiki sana upatanisho wa vitabuni. Mtu anaweza kuandika "i" pale ambapo mwalimu angetaka "a". Ni dalili, lakini haitoshi kutandikia mkeka.

"Soo" ni mia moja, na soo tano ni shilingi 500 za Kenya, pesa isiyofika hata dola 5. Maneno ya pesa ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa kuwa kila mji una yake. Nairobi "mbao" ni shilingi 20 na "thao" ni elfu moja. Noti yao ya 500 iliwahi kuitwa Jirongo, kwa jina la Cyrus Jirongo, aliyeongoza kundi la Youth for KANU '92 katika kampeni za uchaguzi wa 1992. Ukivuka mpaka uingie Tanzania, vijana wa Kigoma na Dar wanasema "jero" kwa 500, "buku" kwa elfu moja, na noti nyekundu ya elfu kumi ni "msimbazi", kwa sababu Msimbazi ndiko kwenye makao ya klabu ya Simba na wekundu ndiyo rangi yao. Kwa hiyo kijana wa Nyarugusu akikuomba buku tano, anaomba shilingi elfu tano za Tanzania, wala habari za madaftari ya shule hazimo. Sisi wenyewe tunasema "makuta" kumaanisha pesa, na mtoto aliyezaliwa baada ya 1998, mwaka ambao faranga ilirudi, hajawahi kushika likuta hata moja. Zaire na makuta vilianza 1967, pesa yenyewe ikafa, jina likabaki mdomoni.

"Nimesota" ni sina pesa. "Ju" ni kwa sababu, na hili mama alilielewa bila shida, kwani hata Uvira tunasema "juu ya nini?" tukiuliza sababu. Mara moja moja lugha ya barabara ya Nairobi na ya kwetu zinakutana hivyo, na hatari ni kwamba ukielewa neno moja vizuri unaamini umeelewa yote.

Halafu "risto". Neno hili ni "stori" lililopinduliwa, silabi ya mwisho ikatangulia. Kupindua maneno ni mchezo wa zamani wa Sheng, na ukiujua unaweza kufumbua mengine mwenyewe. "Risto baadaye" ni nitakueleza habari baadaye. Lakini aliyekwisha amini kwamba kuna fomu na kuna malipo, atasoma risiti. Ndivyo kosa moja lilivyoita jingine mpaka yote matano yakashikana, hadithi ikawa kamili kabisa na haina tundu.

Siku ile sisi wenyewe ofisini tulikuwa karibu kukubali. Mchango wa msiba tulishaanza kuuandika. Kilichotuzuia ni zile dola 500. HCR hailipishi fomu ya kupelekwa nchi ya tatu, huduma zake ni bure, na wanachama wetu kadhaa wameshapoteza mbuzi na mashine za kushonea kwa matapeli waliodai malipo hayo. Tukasema tungoje kidogo. Kwa hiyo tulisimamishwa na hofu ya utapeli, wala si kwa ujuzi wa lugha. Tunaliandika wazi kwa ajili ya wafadhili: pesa ya msiba ingetoka, na hakukuwa na msiba.

Mvuvi alirudi Kalundu saa mbili asubuhi na beseni la ndagala, akakuta wanawake wamekaa chini kwao. Alisoma ujumbe mara moja. "Mama, hakuna aliyekufa, ni simu!" Mama hakumwamini mpaka alipompigia rafiki yake na yule mama wa Nairobi akaletwa kwenye simu ya mwanawe, akasema kwa sauti yake, "Niko hapa, dada yangu, ni betri tu." Hapo ndipo alilia kweli.

Tangu wakati huo kamati imebadilisha kitu kimoja katika daftari la mfuko. Ombi linalotokana na ujumbe wa simu linaletwa na ujumbe wenyewe kama ulivyoandikwa. Kueleza kwa mdomo hakutoshi, kwa sababu anayeeleza ameshatafsiri. Tunauliza mtumaji yuko mji gani, kisha tunamtafuta mtu wa rika lake aliyeishi mji huo: aliyerudi kutoka Nairobi kwa Sheng, aliyerudi Kigoma kwa maneno ya Tanzania. Tulijaribu mwanzoni kumtumia kijana yeyote aliye karibu, tukaona haifai. Kijana wa Kavimvira asiyewahi kutoka hapa anabahatisha kama sisi, tena kwa kujiamini zaidi. Na habari ya kifo au ya pesa inathibitishwa kwa sauti, hata ikibidi kungoja siku nzima mtu apate chaji.

Vijana wengine hawapendi. Mmoja alituambia kwamba wazee wakianza kuelewa, itabidi watafute maneno mengine, na pengine anasema kweli.

Deni la soo tano lililipwa wiki ileile, kwa kupitia mtu wa Bujumbura. Jumamosi ile vijana sita wa kambi ya zamani waliongea kwa simu karibu saa mbili, kutoka Nairobi, Kigoma, Baraka na Mulongwe. Mama alikaa mlangoni akisikiliza, na kila baada ya muda anauliza, "Hapo wamesema nini?"