Pipi za Kenya na swali la sukari

Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 2005. Tangu hapo bidhaa ya kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja, ambao hadi katikati ya 2022 ulikuwa hivi: malighafi bure, bidhaa za kati asilimia 10, zilizokamilika 25. Sukari, kwa kuwalinda wakulima wa miwa, iliwekewa ushuru mkubwa zaidi, asilimia 100. Bidhaa iliyotengenezwa ndani huvuka mpaka bila kutozwa, ilimradi iwe na cheti cha uasili.

Lakini pipi iliyopikwa Nairobi kwa sukari ya ng'ambo ni ya wapi?

Kanuni za mwanzo zilikuwa na jibu. Kipimo kimojawapo kilitaka thamani inayoongezwa nchini isipungue asilimia 35 ya gharama ya bidhaa ikitoka kiwandani. Tuseme katoni inagharimu shilingi 1,000, na sukari ya nje iliyomo ni ya shilingi 450. Zinabaki 550, za mishahara, umeme na vifungashio vya hapa, yaani asilimia 55. Pipi hiyo imefaulu. Ingekuwa mfanyabiashara ameagiza pipi tayari na kuzifunga upya tu, angekataliwa, kwa kuwa kufungasha peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kutengeneza.

Mwaka 2017 ukame uliipunguzia Kenya miwa, serikali ikaruhusu sukari iingie bila ushuru. Tanzania ikaona hatari, na pipi, chokoleti na biskuti za Kenya zikaanza kudaiwa asilimia 25 mpakani, kama bidhaa za ugenini. Hoja yake ilikuwa kwamba kiwanda kilichopata sukari isiyolipiwa ushuru kinamshinda jirani aliyeilipia. Kenya ilijibu kuwa viwanda vyake vinatumia sukari ya viwandani, tofauti na ile ya mezani iliyofunguliwa milango. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi husika na wa Sekretarieti ya Jumuiya walikwenda viwandani kukagua.

Kwa maoni yangu, hapo mambo mawili yalichanganywa. Cheti cha uasili kinaeleza kazi ilifanyika wapi. Hakielezi malighafi ililipiwa nini bandarini. Hilo la pili lina kifungu chake katika Itifaki: bidhaa iliyofaidi msamaha wa ushuru kwa ajili ya kuuzwa nje, ikiuzwa ndani ya Jumuiya, hulipiwa ushuru kamili. Afisa wa Namanga akiwa na cheti peke yake hawezi kulijua. Anahitaji kumbukumbu za Mombasa: tani ngapi ziliingia, kwa msamaha upi, kwenda kiwanda kipi. Nchi wanachama zipeane kumbukumbu hizo kabla lori halijafika mpakani.