Motokari ya kupeleka chakula: kununua ao kupanga? Hesabu ya treteri mumoja wa Kamalondo

Ukipita Kamalondo siku ya posho asubuhi, utaona masufuria makubwa yanapakiwa mu taksi, mu motokari ya shemeji, hata juu ya pikipiki. Ni kazi ya watreteri, ni kusema wale wanaopika chakula cha harusi, cha kilio, cha komuniyo na cha makampuni. Kazi ikiwa ndogo, motokari ya kuomba inatosha. Kazi ikianza kukomaa, ulizo linakuja: ninunue motokari yangu, ao nipange ya mutu mwingine?

Wengi wanajibu haraka: «Kununua ni bora, juu kitu ni chako.» Jibu hilo linaweza kuwa la kweli, lakini linaweza pia kufunga jiko. Tuangalie hesabu pole pole. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Wewe wa Lubumbashi, wa Kalemie ao wa Bukavu, weka bei za kwako. Njia ya kuhesabu haibadilike.

Njia tatu, si mbili

Njia ya kwanza ni kupanga kwa siku. Unaita motokari na shofere wake, unalipa siku ile, kiisha kila mutu anaenda kwake.

Njia ya pili ni kupanga kwa mwezi, kwa kontra ya miezi sita, mwaka ao miaka miwili. Motokari inalala kwako, shofere ni wako, lakini karti roze inabaki mu jina la mwenye mali. Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Kuna lokasiyo ya kawaida: kontra ikiisha, unarudisha motokari, basi. Tena kuna kredibai, ambayo mu inchi yetu ina sheria yake, namba 15/003 ya tarehe 12 mwezi wa 2, 2015. Mu kredibai, unalipa kila mwezi, na mwisho una haki ya kununua ile motokari kwa bei iliyobakia, iliyoandikwa tangu mwanzo. Mutu akikuambia kwa mudomo «utalipa mpaka itakuwa yako», na kontra haisemi bei ya mwisho wala haki ya kununua, ujue hiyo ni lokasiyo tu. Hata ukilipa miaka mitatu, itabaki yake.

Njia ya tatu ni kununua, kwa feza yako ao kwa mkopo.

Motokari yako inakula ngapi kwa mwezi?

Tuchukue mama mumoja treteri wa Kamalondo. Ameona Hiace ya okazyo kwa dolari 9 000, duwani na plaki ndani. Anafikiri ataitumia miaka minne, kiisha atauza kwa dolari 4 000. Kwa hiyo motokari itapoteza dolari 5 000 kwa miezi 48, karibu dolari 105 kwa mwezi. Hiyo feza haitoke mufukoni kila mwezi, ndiyo maana watu wanaisahau. Lakini inapotea kweli.

Aongeze asiransi, vinyeti na kontroli tekniki: tuseme dolari 50 kwa mwezi. Asiransi ya kulipa watu utakaogonga ni ya lazima kwa sheria, kwa hiyo haiko ya kuchagua. Mipira, mafuta ya moteri, amortiseri na garaji: dolari 120 kwa mwezi, juu mashimo ya wakati wa mvua na mavumbi ya kipwa havisamehe mutu. Shofere: dolari 200. Jumla ni dolari 475 kwa mwezi, hata kama motokari imelala mu parselle. Esansi ao mazuti hatuiweke, juu utailipa katika njia zote tatu.

Sasa, tuseme kupanga kwa siku, pamoja na shofere, ni dolari 60. Gawanya 475 kwa 60: unapata karibu 8. Hapo ndipo mupaka ulipo. Treteri mwenye kusafirisha chakula siku nne ao tano kwa mwezi, harusi moja kila posho, asinunue. Kupanga kwa siku kutamugharimu dolari 240 ao 300, na motokari ikikufa ni shida ya mwenyewe. Mwenye kupita siku nane kwa mwezi, ndiye anaanza kuwa na sababu ya kufikiri njia zingine.

Kabla ya kuamua, kamata kaye na uandike kila siku uliyotumia motokari kwa miezi mitatu iliyopita. Usihesabu kwa kichwa. Mwezi wa 12 na wakati wa masherehe ya diplome, mutu anaona kama anatembea kila siku. Kiisha mwezi wa 1 unafika na simu hailie.

Hesabu nzuri, lakini feza iko wapi?

Mama wetu amepata soko: kampuni moja ya upande wa barabara ya Likasi inaomba sahani 70 kila siku ya kazi, siku 22 kwa mwezi. Kwa siku 22, kupanga kwa siku ni dolari 1 320. Hiyo njia imekufa.

Zinabaki mbili. Kununua ni dolari 475 kwa mwezi. Kupanga kwa mwezi, tuseme mwenye motokari anaomba dolari 400, na yeye ndiye analipa asiransi na matengenezo makubwa. Mama anaongeza dolari 200 za shofere na 40 za kazi ndogo za garaji: jumla 640. Kwa hiyo kununua kunashinda kwa dolari 165 kila mwezi. Wengi wanasimamia hapo, wanaenda kununua.

Lakini mama ana dolari 12 000 zote mu mukono. Na kampuni hailipi sahani kwa sahani. Anapika mwezi muzima, anatuma fakiture mwisho wa mwezi, wanamulipa mwisho wa mwezi unaofuata. Unga wa bukari, samaki, nyama, sombe na mafuta kwa sahani moja ni dolari 3. Sahani 70 ni dolari 210 kwa siku, dolari 4 620 kwa mwezi. Mbele ya kuona franga ya kwanza, amekwisha kupika miezi miwili: dolari 9 240 zimekaa mu matumbo ya watu wa kampuni.

Akinunua motokari, anabaki na dolari 3 000. Kwa dolari 210 kwa siku, hizo zinaenda siku 14. Siku ya 15 ya kazi, katika juma la tatu, hakuna feza ya soko. Motokari inangaa mbele ya mulango, na sufuria iko bure. Kampuni haitangoje, itaita treteri mwingine.

Akipanga kwa mwezi, anatoa dolari 400 za garanti na 1 280 za miezi miwili. Anabaki na 10 320. Akitoa chakula cha 9 240, anabakia na 1 080. Ni kidogo, na feza ya masherehe ya posho ndiyo italipa makala na wapishi, lakini anafika mpaka siku ya malipo.

Kwa hiyo kwa mama huyu, jibu la sasa ni kupanga kwa miezi sita, kiisha kununua wakati malipo ya kampuni yamezoea kuingia. Miezi sita ya dolari 165 za ziada ni dolari 990. Hiyo ndiyo bei anayolipa ili jiko lisizime.

Je, mkopo? Tuseme anakopa dolari 6 000 kwa miezi 18, faida ya 2,5 kwa mia kwa mwezi juu ya deni linalobakia. Mwezi wa kwanza atarudisha 333 za deni na 150 za faida: dolari 483. Aongeze asiransi, garaji na shofere, 370. Ni dolari 853 zinazotoka mufukoni, kuliko 640 za kupanga. Na bado alitoa dolari 3 000 zake mwanzoni. Mkopo unaweza kusaidia, lakini si katika ile miezi miwili ya kungoja. Tena, kama deni ni la dolari na wateja wanalipa franga, kila franga ikishuka, deni linapanda.

Ukipanga: mambo ya kuandika

Kwanza, omba kuona karti roze. Jina lililo pale liwe la mutu anayetia sahihi, ao alete prokirasyo. Ukipanga kwa mutu asiye mwenye mali, siku moja ndugu zake watakuja kukamata motokari, na chakula ndani.

Pili, andika ni nani anatengeneza nini. «Matengenezo makubwa» peke yake ni neno la kuleta fujo. Andika: moteri, buati ya vitesi na direksyo ni kwa mwenye motokari, mipira, frein na vidanje ni kwa mwenye kupanga. Andika tena kwamba motokari ikilala garajini kwa kosa la moteri, siku hizo hazilipwe, ao alete ingine.

Tatu, siku ya kupokea, piga picha za kila upande, mipira, viti na kilometa. Wote wawili watie sahihi. Na asiransi iseme wazi kama motokari inabeba mizigo ya biashara, juu ajali ikifika, ndipo watakuuliza.

Siku ya kununua

Motokari nyingi za Lubumbashi zimetoka Japani, zimepita Dar es Salaam na Zambia mpaka Kasumbalesa. Direksyo iko kuume, na kwa van nyingi mulango wa kando wa kusukuma uko kushoto peke yake. Kwetu tunatembea upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo mulango ule unafunguka mu njia, mahali motokari zinapita, na vijana wako wanashusha masufuria ya moto pale. Tafuta van yenye mulango pande mbili, ao hakikisha mulango wa nyuma unafunguka wote na sufuria kubwa inapita.

Njoo asubuhi, moteri ikiwa baridi. Kama imekwisha kupashwa moto mbele ufike, uliza sababu. Moshi wa blue unaoendelea ni mafuta ya moteri yanaungua. Mafuta yenye kufanana na maziwa chini ya kifuniko ni maji yameingia, na hapo gharama ni kubwa. Kiisha linganisha namba ya shasi na ile ya karti roze na ya makaratasi ya DGDA, herufi kwa herufi. Ikitofautiana hata kwa namba moja, usitoe garanti, hata ndogo.