Ankara Iliyochelewa Kulipwa: Namna ya Kukokotoa Riba na Kumweleza Mteja

Wafanyabiashara wa Masasi na Newala wanaouza bidhaa na huduma kwa mkopo hutoa ankara nyingi kabla ya msimu wa korosho na kutarajia malipo baada ya minada kuanza mwezi Oktoba. Malipo yakichelewa, baadhi huongeza riba na ada ya ukumbusho kwenye deni. Nyongeza hizo zina uzito kisheria iwapo tu mteja alizikubali kabla ya kupewa huduma. Sentensi iliyochapwa chini ya ankara baada ya kazi kukamilika haitoshi, kwa kuwa mkataba ulikwishafungwa bila sharti hilo. Mahali pake ni kwenye mkataba, oda au makadirio ya bei ambayo mteja ameyatia saini.

Sharti lenyewe litaje mambo manne: tarehe ya mwisho ya kulipa, kiwango cha riba kwa mwaka, kiasi cha ada kwa kila barua ya ukumbusho, na namna malipo ya sehemu yatakavyohesabiwa. Maneno “kwa mwaka” yasiachwe. Riba ya “asilimia 12” isiyotaja kipindi imezua ugomvi mwingi, kwa sababu mmoja huisoma kuwa ya mwaka na mwingine kuwa ya mwezi.

Tuchukue mfano wa msafirishaji wa Masasi aliyempelekea mteja wa Newala shehena ya magunia kwa ankara ya Shilingi 3,650,000. Mteja aliipokea na kusaini nakala tarehe 1 Septemba 2025, na makubaliano yalimpa siku 30, riba ya asilimia 12 kwa mwaka na ada ya Shilingi 10,000 kuanzia barua ya pili ya ukumbusho. Siku ya mwisho ilikuwa 1 Oktoba. Siku hiyo yote ni ya mteja, hivyo riba inaanza kuhesabiwa tarehe 2 Oktoba.

Riba ya mwaka mzima ni Shilingi 438,000. Ikigawanywa kwa siku 365 inapatikana Shilingi 1,200 kwa siku, na hiyo ndiyo namba ya kumtajia mteja, kwani anaweza kuizidisha mwenyewe kwa siku alizochelewa. Aliyeisoma riba hiyo kuwa ya mwezi angedai Shilingi 438,000 kila mwezi.

Tarehe 10 Novemba mteja alilipa nusu, Shilingi 1,825,000. Hadi hapo zilikuwa zimepita siku 40, sawa na riba ya Shilingi 48,000. Makubaliano yalisema malipo ya sehemu yapunguze kwanza deni la msingi, kwa hiyo riba ilishuka hadi Shilingi 600 kwa siku. Alipomaliza tarehe 10 Desemba zilikuwa zimeongezeka siku 30, yaani Shilingi 18,000. Riba yote ni Shilingi 66,000. Kama malipo ya Novemba yangekata riba kwanza, jumla ingezidi kwa Shilingi 473 tu. Tofauti hiyo haistahili mabishano, ila utaratibu mmoja uandikwe na kufuatwa.

Kosa linalojirudia ni kuendelea kutoza Shilingi 1,200 kwa siku baada ya mteja kupunguza deni. Jingine ni kutoza riba juu ya riba au juu ya ada bila makubaliano. Mteja hulitambua akigawanya riba aliyodaiwa kwa idadi ya siku: jibu likipanda kadiri siku zinavyosonga, riba imetozwa riba.

Barua ya ukumbusho itenganishe kila kiasi, kwa mfano:

“Ankara yako ya tarehe 1 Septemba 2025 ilipaswa kulipwa ifikapo tarehe 1 Oktoba 2025. Salio la msingi ni Shilingi 1,825,000. Riba hadi tarehe 10 Desemba 2025 ni Shilingi 66,000. Ada ya barua hii ya pili ni Shilingi 10,000. Jumla ni Shilingi 1,901,000. Baada ya tarehe hiyo riba itaongezeka kwa Shilingi 600 kila siku.”

Ada ilingane na gharama halisi ya kuandaa na kufikisha barua. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinaruhusu fidia ya kiasi kinachofaa isiyozidi kile kilichotajwa kwenye mkataba, hivyo mahakama inaweza kupunguza tozo iliyowekwa kama adhabu.

Shauri likifika mahakamani, riba baada ya hukumu hufuata Amri ya XX, kanuni ya 21 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33: asilimia 7 kwa mwaka, au kiwango kingine kisichozidi asilimia 12 ambacho wahusika wamekikubali kwa maandishi. Madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na nakala ya ankara yenye saini na tarehe ya kupokelewa ndiyo itakayoonyesha hesabu ilianza lini.